Kuhakiki Wasifu wa Mwombaji Kazi bila ya Kudhulumu

Madrasa yetu hapa Mgogoni ilipohitaji mtunza hesabu, tulitangaza nafasi moja tu, na mshahara wake si wa kusifika. Hata hivyo maombi yalitufikia ya kutosha kujaza bahasha mbili kubwa, nayo yaliandikwa kwa lugha ya kifahari ambayo wazee wetu wa kamati walilazimika kuisoma mara mbili. Kila mwombaji alikuwa "mchapakazi mwenye kujituma", kila mmoja "ana uwezo mkubwa wa kufanya kazi chini ya shinikizo", na wanne miongoni mwao "wameongeza ufanisi wa taasisi" kwa asilimia fulani. Mzee mmoja aliuliza, kwa upole wake wa kawaida, kama watu hawa wote wamelelewa na mama mmoja.

Fedha atakazozishika mtunza hesabu huyo ni ada za watoto, sadaka za Ijumaa na fungu la mayatima. Kumpa mtu asiyestahili ni kuidhulumu amana, na kumnyima anayestahili kwa dhana tupu ni dhulma vilevile. Kamati ilituagiza sisi, tulio katika kazi ya ukatibu, tuzisome karatasi zile na tuoneshe ni lipi katika yaliyoandikwa linathibitika. Tunaeleza hapa jinsi tulivyokwenda, kwa kuwa tunajua misikiti, skuli na vikundi vingine vinaajiri kwa njia hizi hizi, na wazazi wengi wana vijana wanaoandika karatasi kama zile.

Elimu ya kuhakiki si ngeni kwetu. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatutaka tubainishe habari kabla ya kuwafanyia watu jambo kwa ujinga kisha tukajuta. Juu ya msingi huo wanazuoni wa Hadithi walijenga elimu nzima ya kuwajua wapokezi, na silaha yao kubwa ilikuwa tarehe. Imepokewa kutoka kwa Sufyan ath-Thawri kwamba wapokezi walipoanza kusema uongo, wao waliwakabili kwa kuwahesabia miaka. Anayedai kusikia kutoka kwa shekhe fulani huulizwa alizaliwa lini, alisafiri lini, na shekhe huyo alifariki lini.

Kisa kilicho mashuhuri zaidi ni cha al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria. Katika zama zake ilitolewa hati iliyodai kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaondolea jizya watu wa Khaybar, na chini yake yakaandikwa majina ya Masahaba kuwa ni mashahidi. Waziri aliipeleka hati kwake. Al-Khatib hakuanza na wino wala karatasi. Alitazama majina mawili. Muawiya alikuwa miongoni mwa mashahidi, ilhali alisilimu katika ufunguzi wa Makka mwaka wa 8, na Khaybar ilifunguliwa mwaka wa 7. Saad bin Muadh naye alitajwa, ilhali alikwishafariki baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5. Hati ikaanguka papo hapo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakulazimika kumtukana aliyeileta wala kuulizia nia yake, kwani miaka ilimtosha.

Nasi tulianza hivyo hivyo. Tulichukua karatasi tupu, tukachora mstari wa miaka, na kwa kila mwombaji tukapanga skuli, vyuo na kazi alizozitaja katika mstari mmoja. Kazi hii inachukua kiasi cha dakika kumi kwa wasifu mmoja, na inafichua mengi kuliko kuusoma mara tano. Katika karatasi ya kijana mmoja, ambaye hatutamtaja, palionekana kwamba alikuwa "mhasibu msaidizi" wa duka la jumla Chake Chake kuanzia 2017 hadi 2020, na kwamba alisoma stashahada ya kutwa Unguja kuanzia 2018 hadi 2020. Mtu hawezi kukaa darasani Unguja asubuhi na kufunga hesabu za duka Chake Chake jioni, bahari ikiwa katikati.

Hapa ndipo uadilifu unapojaribiwa. Mgongano wa tarehe haujawa uongo mpaka mwenyewe aulizwe. Tulimwita, tukamwonesha mstari, tukamwomba aeleze. Akasema duka ni la ami yake, na kwamba baada ya mwaka wa kwanza alikuwa akisaidia wakati wa likizo tu. Basi kazi ipo, duka lipo, ila miaka mitatu ilikuwa kwa hakika mwaka mmoja na miezi michache ya likizo. Tuliandika maelezo yake mbele yake na kumsomea, kisha tukaendelea na mengine.

Vyeti navyo vina hesabu yake. Katika matokeo ya kidato cha nne ya Baraza la Mitihani la Tanzania, daraja hupatikana kwa masomo saba bora, na kila alama ya A ni pointi moja. Kwa hiyo pointi za chini kabisa ni 7, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Mwombaji mmoja aliandika "kidato cha nne, daraja la kwanza, pointi 6". Mjumbe mwenzetu alitaka jina lifutwe palepale, akisema pointi 6 hazipo. Kweli hazipo katika kidato cha nne, lakini zipo katika kidato cha sita, ambako huhesabiwa masomo matatu na daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9. Tulipoomba vyeti vya asili ikaonekana aliyechapa wasifu alichanganya mistari miwili, na mwombaji, kwa bahati mbaya, hakuisoma kabla ya kuituma.

Mwingine aliandika kwamba alipata "Merit" mwaka 2014. Kuna waliocheka. Lakini mtihani wa kidato cha nne wa mwaka huo ulitolewa kwa mfumo wa wastani wa alama, GPA, ambamo yaliandikwa Distinction, Merit, Credit na Pass badala ya madaraja, na utaratibu wa madaraja ukarejeshwa baadaye. Anayehakiki bila ya kuijua historia hiyo atamtia hatiani mkweli. Ndivyo ilivyo pia kwa majina ya vyuo. Chuo cha Chukwani hakikuwa na jina la Abdulrahman Al-Sumait tangu mwanzo, na vyuo kadhaa vya Zanzibar, kikiwamo kile cha uongozi wa fedha cha Chwaka, vimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Cheti chenye jina la zamani ni kizee tu, hakijawa cha kughushi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hulikosea. Nambari ya mtihani inapoingizwa katika matokeo yaliyotangazwa, hutokea jinsia, pointi, daraja na alama za masomo. Hilo linathibitisha kwamba mtu fulani alifaulu hivyo. Halithibitishi kwamba mtu huyo ndiye aliyekaa mbele yetu. Muhuri wa wakili juu ya nakala nao unashuhudia jambo moja tu, kwamba nakala inafanana na karatasi aliyooneshwa.

Taifa lilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Idadi hiyo ndiyo iliyoshika vichwa vya habari. Sisi tunaona kwamba idadi nyingine katika taarifa ile inafundisha zaidi: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076. Yaani cheti ni halali, nambari ni halali, matokeo ni halali, lakini wenye kukitumia ni wawili, na mmoja wao amebeba elimu ya mwenzake, pengine ya ndugu yake. Uhakiki unaoishia kwenye nambari ungempitisha.

Na katika zoezi lile lile limo somo la upande wa pili. Wapo waliokata rufaa wakaonekana vyeti vyao ni sahihi. Mwaka 2018 Serikali iliwarejesha kazini watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, kabla sharti la kidato cha nne halijaanza kutumika, kwa kuwa hawakuwa wamedanganya mtu. Zoezi kubwa namna ile halikukosa kumgusa asiye na kosa, na kamati ya watu saba inayokutana baada ya sala ya Isha haina sababu ya kujidhania kuwa makini zaidi. Ndiyo maana tuliweka tangu mwanzo kwamba hakuna atakayeondolewa kwa sababu ya cheti kabla ya kuulizwa, na kwamba swali la mwisho litaulizwa kwa mwenye cheti chenyewe: Baraza la Mitihani kwa vyeti vya sekondari, na ofisi ya usajili ya chuo kwa stashahada, kwa barua yenye idhini iliyotiwa saini na mwombaji.

Tuje sasa kwenye lugha ya kifahari. Vijana wengi hivi leo huziachia programu za akili mnemba ziwaandikie wasifu, na alama zake zinajulikana: sifa nyingi zisizo na mahali, tarehe wala shahidi, sentensi zilizolingana urefu kama matofali, na asilimia zinazotokea pasipo na hesabu. Wajumbe wawili walipendekeza barua zote za namna hiyo ziwekwe kando. Tulipinga, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, kufanana kwa barua hakukuanza na mashine. Kabla ya programu hizo kuja, kijana wa Micheweni au wa Wete alikwenda kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, akalipa, na mwenye duka akabadilisha jina katika wasifu wa mteja wa jana. Pili, hakuna chombo cha kuaminika cha kubaini maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa chombo chake cha kubainisha na kukiondoa Julai 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usahihi. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vyombo kadhaa vya aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo za wanadamu zilitajwa kuwa ni za mashine. Sababu haifichiki: anayetumia msamiati mdogo na sentensi salama alizofundishwa skuli huonekana kama mashine. Basi tujiulize, kijana wetu wa Pemba anayeandika Kiingereza cha darasani ataonekanaje mbele ya chombo kile?

Kwa hiyo hatukuuliza nani ameandika. Tuliuliza yaliyoandikwa yana maana gani. Kila dai tuliligeuza liwe tukio: ulifanya nini hasa, wapi, mwaka gani, kwa kiasi gani, na nani alikuona? Dai lisilogeuka kuwa tukio hatukulihesabu kuwa uongo, tulilihesabu kuwa si kitu, likaondolewa kwenye mizani bila ya kumpunguzia mtu heshima. "Mchapakazi mwenye kujituma" ilifutwa kwa wote kwa mstari mmoja wa kalamu.

Asilimia zilihitaji subira zaidi. Kijana yule wa duka la ami yake aliandika kwamba "aliongeza ufanisi wa makusanyo kwa asilimia 40". Tulimwuliza: kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kwa muda gani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, hiyo nambari sikuiweka mimi. Niliiambia programu iniandikie vizuri, ikaja nayo." Tulimwamini, kwa kuwa programu hizi hufanya hivyo, huweka nambari mahali ambapo nambari hupendeza. Lakini chini ya ukurasa palikuwa na tamko kwamba yote yaliyomo ni kweli kadiri ya ujuzi wake, na sahihi ilikuwa yake. Mashine haikutia saini.

Ulipofika wakati wa kuwauliza watu waliowahi kufanya kazi na waombaji, pakazuka hofu ya kusengenya. Mgogoni si mji mkubwa. Anayeulizwa ni jirani, ni shemeji, au mtoto wake amechumbia nyumba hiyo. Tuliwakumbusha wenzetu kisa cha Fatima bint Qays, alipokwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri juu ya waliomposa, naye akamweleza kuhusu mmoja kwamba ni fukara hana mali, na kuhusu mwingine kwamba fimbo haimtoki begani. Imamu an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, amekihesabu kisa hicho miongoni mwa dalili za pale ambapo inaruhusika kutaja aibu ya mtu kwa haja ya sheria. Tutazame namna jibu lilivyokuwa: fupi, linahusu jambo lililoulizwa, na halikuongeza kitu. Tukatengeneza maswali matatu tu kwa kila shahidi: alifanya kazi kwako kutoka lini hadi lini, alishika fedha au hakushika, na je, ungempa kazi hiyo tena? Mambo ya nyumbani kwake, siasa zake na ugomvi wa shamba la mikarafuu hatukuyauliza, na aliyeanza kuyasimulia tulimkatiza kwa adabu. Mjumbe mwenye mwombaji wa damu yake alitoka nje ya kikao jina hilo lilipofikiwa.

Mwisho tuliwapa wote saba waliobakia mtihani mmoja, siku moja, kwa nusu saa. Ulikuwa ukurasa wa daftari la fedha na stakabadhi zake, na fedha taslimu zilizomo kwenye sanduku zilizidi salio la daftari kwa shilingi 9,000. Tuliwataka waseme kosa liko wapi.

Aliyetushangaza ni binti ambaye barua yake ndiyo iliyokuwa ya kimashine kuliko zote. Mjumbe mmoja alikuwa ameipachika alama ya kuondolewa. Hakuanza kujumlisha upya kama wengine. Aliitazama tofauti, akasema inagawika kwa tisa, hivyo atatafuta kwanza tarakimu mbili zilizopishana. Baada ya dakika chache alionesha mstari wa ununuzi wa chaki na madaftari: stakabadhi inasema 45,000, daftari limeandikwa 54,000. Matumizi yamezidishwa kwa 9,000, na ndiyo maana sanduku lina ziada. Tulipomwuliza kuhusu barua yake alisema Kiingereza chake ni kidogo, na aliogopa barua ya Kiswahili ingedharauliwa. Hesabu alizianzia kwenye kikundi cha akina mama wa mwani, na mwenyekiti wa kikundi alitujibu maswali matatu bila ya kusita.

Mwombaji mwingine, ambaye wasifu wake ulikuwa wa mkono, nusu ukurasa, usio na pambo lolote, na ambaye wazee walimpenda kwa unyenyekevu wa karatasi yake, hakuliona kosa hata baada ya nusu saa kupita. Karatasi yake haikuwa na neno la uongo, ila kazi hii hakuiweza.

Kijana wa duka alilipata kosa, kwa kuchelewa. Kamati ilijadili jina lake kwa muda mrefu kuliko majina mengine yote. Wapo waliosema ameshakiri, na wapo waliosema atakayetia saini nambari asiyoijua katika wasifu wake ataitia pia katika taarifa ya fungu la mayatima. Sisi tulikuwa upande wa hawa wa pili, na uamuzi ukaenda hivyo, kwa kura moja. Tulimwandikia sababu mbili, asilimia ile na miaka ya dukani, bila ya neno "mwongo" popote, tukampa siku saba za kuleta hoja yake. Nakala ya barua haikubandikwa msikitini wala kusomwa mbele ya watu. Siku ya tano alikuja na wasifu mpya wa ukurasa mmoja, miaka imesahihishwa na asilimia imeondoka, akaomba tu uwekwe kwenye faili badala ya ule wa kwanza. Tukauweka, na ule wa kwanza tukamrejeshea.